Bao Moja Si Kipigo

Siku hizi hapa Mjambere kila timu ya mtaa ina mwandishi wake. Mechi ikiisha jioni, kabla wachezaji hawajavua viatu, tayari kuna kijana keshaandika kichwa cha habari na kukirusha kwenye simu za watu. Ikifika Isha kimeshajadiliwa kila maskani kutoka hapa hadi Kiembeni. Wengi wao wana mkono mzuri. Wanajua kwamba kichwa huanza na jina la timu, kitenzi kikafuata upesi, na maneno ya ziada yakabaki nje. Tatizo huanza pale timu iliyopata bao 1-0, tena la kujikwaa, inapoandikwa kuwa imemgaragaza mwenzake, imemzika, imemfuta kabisa. Ukiuliza sababu, unapewa hoja, na hoja hizo si za vijana peke yao. Nimezisikia pia kwa watu waliozeeka kwenye meza za magazeti. Kwa hiyo nazijibu moja baada ya nyingine, na mifano naichukua kwenye mechi na mbio ambazo wengi wetu tulizitazama. Matokeo ya mtaani ni hatari kuyatolea mfano, maana kila mtu ana yake.

Hoja ya kwanza, na ndiyo inayorudiwa zaidi: "Kichwa kisichotiwa chumvi hakisomwi."

Tuitazame CHAN ya Agosti 2025, ile tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Kwenye hatua ya makundi Harambee Stars iliifunga Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Moroko 1-0, kisha ikaifunga Zambia 1-0. Ushindi mara tatu, na kila ushindi kwa bao moja. Anayeamini chumvi atakuwa na vichwa vitatu vinavyofanana: Kenya yaibamiza Kongo, Kenya yaigaragaza Moroko, Kenya yaisambaratisha Zambia. Vibadilishe majina ya wapinzani na hakuna atakayegundua. Hicho ndicho kichwa kisichosomwa, kwa sababu hakimwambii msomaji kitu ambacho angekikosa kama asingekisoma.

Sasa chukua mechi ya Moroko peke yake. Ryan Ogam alifunga kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu, na Kenya ikacheza kipindi kizima cha pili ikiwa na wachezaji 10 dhidi ya timu iliyokuwa imeshalitwaa kombe hilo mara mbili, na ambayo mwisho wa mashindano ililitwaa tena. Andika "Kenya ya watu 10 yailaza Moroko." Ni maneno sita, na hakuna hata punje ya chumvi. Hakuna mechi nyingine ya mwezi ule ambayo kichwa hicho kingeweza kuvikwa. Anayekisoma anataka kujua zaidi: nani alitolewa, dakika ya ngapi, walihimili vipi? Kichwa hupata nguvu kwenye kile kitu kimoja ambacho mechi hii inacho na nyingine hazina. Mwenye kutia chumvi mara nyingi ni mtu ambaye hakukitafuta kitu hicho, au hakuitazama mechi.

Mfano mwingine ni Cairo, tarehe 27 Juni 2019, Kenya na Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Matokeo yalikuwa 3-2. Ukiandika kwamba Kenya iliisambaratisha Tanzania, kila aliyeitazama atakucheka, maana Tanzania iliongoza 1-0 kwa bao la Simon Msuva, Michael Olunga akasawazisha, na mara tu baadaye Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele. Johanna Omolo alisawazisha kipindi cha pili, na Olunga akafunga la ushindi dakika ya 80. Ukweli wenyewe una moto kuliko chumvi: "Kenya yatoka nyuma mara mbili, yaizima Tanzania." Maneno "mara mbili" ndiyo yanayobeba jioni ile yote.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu: "Vitenzi vya michezo ni mapambo. Kuchapa, kulaza, kubamiza, kugaragaza, vyote maana yake ni kushinda."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi yenyewe.

Kiswahili kimewapa waandishi wa michezo utajiri ambao lugha nyingi zingeutamani. Neno moja, "yailaza," limeshataja mshindi, mshindwa na tendo. Lakini utajiri huo una viwango, na mashabiki wanavijua hata kama hawajafundishwa. "Kushinda" na "kulaza" hukaa popote. "Kuchapa" nalo limezoeleka kiasi kwamba hata 2-1 linaivumilia. Ukifika kwenye "kutandika," "kucharaza" na "kubamiza," msomaji anatarajia pengo, tuseme mabao matatu au zaidi. "Kugaragaza" na "kusambaratisha" ni za siku ile ambayo upande mmoja haukuwa na jibu kabisa. Na kuna ngazi ya chini ambayo waandishi wetu huisahau, nayo ni ya ushindi mwembamba: kupenya, kuponyoka, kuponea chupuchupu. Mimi huipenda ngazi hii kuliko zote, maana ina wasiwasi ndani yake, na wasiwasi humvuta msomaji kuliko majigambo.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku hiyo fungua kabati lote, andika kugaragaza, andika kusambaratisha, na hakuna atakayekulaumu isipokuwa shabiki wa Simba, naye atakulaumu kwa uchungu, si kwa uongo. Lakini mhariri aliyekuwa ametumia "yaisambaratisha" wiki iliyotangulia kwa ushindi wa 2-1, siku hiyo ana nini mkononi? Atabaki kuongeza alama za mshangao.

Zaidi ya viwango, kila kitenzi kina dai lililojificha ndani yake, na dai hilo lazima liwe limetokea uwanjani. "Yalazimisha sare" inadai kwamba timu ilikuwa nyuma, au ilikuwa ikikutana na mkubwa wake, ikakataa kufa. Kama timu mbili zinazolingana zimechoshana kwa 0-0, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Zimetoka sare, zimegawana pointi, basi. "Yalipiza kisasi" inadai kuwa kulikuwa na kipigo cha awali kati ya timu hizo hizo, na msomaji ana haki ya kukuuliza ni lini. "Yarejea kileleni" inadai kuwa iliwahi kuwa kileleni msimu huu na sasa imempita aliyekuwapo. Ikiwa zimelingana pointi na bado iko nyuma kwa tofauti ya mabao, haijarejea. "Yatinga robo fainali" inadai kwamba hesabu imefungwa, hakuna matokeo ya kundi yanayoweza kuibadili. Mechi moja ikiwa imebaki na mlango haujafungwa, timu inanusa robo fainali tu.

Njia ninayoipendekeza ni nyepesi. Andika kichwa, kisha kigeuze kitenzi kuwa swali na ukijibu kwa dakika au kwa msimamo wa ligi. Imelazimisha sare? Nani aliongoza, na lini bao likarudi? Ukishindwa kujibu, badilisha kitenzi. Kwa sare ile ya Angola, kwa mfano, jibu lipo: Angola ilitangulia, Austin Odhiambo akasawazisha kwa penalti, kisha Kenya ikabaki na watu 10 mapema kipindi cha kwanza na kuhimili muda wote uliosalia. Hapo "Kenya ya watu 10 yaikaba Angola" imelipa kila deni lake.

Hoja ya tatu: "Penalti au si penalti, aliyetolewa ameshindwa. Msomaji hataki darasa la sheria."

Hoja hii ilishika kasi baada ya tarehe 22 Agosti 2025, siku Kenya ilipokutana na Madagaska kwenye robo fainali pale Kasarani. Alphonce Omija aliifungia Kenya mara tu baada ya mapumziko. Madagaska ikasawazisha kwa penalti ndani ya mchezo. Mpira ukaisha 1-1, ikapigwa mikwaju, Madagaska ikapita 4-3. Usiku ule niliona vichwa vya kila aina vikipita kwenye simu, na kosa lake si la hisia. Ni la matokeo.

Sheria za soka zinasema mikwaju ya mwisho hupigwa baada ya mechi kwisha, ili kumpata wa kusonga mbele. Mabao yake hayaingii kwenye mabao ya mechi. Mfungaji wa mkwaju huo haongezewi bao kwenye hesabu yake ya mashindano, na kwenye kumbukumbu mechi inabaki kuwa sare. Kwa hiyo "Madagaska yaichapa Kenya" inaeleza mechi ambayo haikuchezwa. "Madagaska 4, Kenya 3" ni mbaya zaidi, maana mtu aliyekuwa kazini au safarini ataamini kwamba siku ile yalifungwa mabao saba. Nimeona watu wakibishana siku mbili baadaye kuhusu beki mbovu ya Kenya kwa sababu ya tarakimu hizo, wakati beki hiyo katika mechi tano ilifungwa mabao mawili tu.

"Kenya yabanduliwa CHAN" ni kichwa cha kweli. Hakuna wa kukishtaki. Lakini ni baridi, na ndicho kinachowafanya vijana wadhani kwamba ukweli na ubaridi ni ndugu. Basi rudi kwenye mechi utafute kile ambacho siku hiyo peke yake inacho. Kenya ilicheza mechi tano, ikashinda tatu, ikatoka sare mbili. Iliondoka kwenye mashindano bila kushindwa mechi hata moja. Hiyo ni habari, tena inauma kuliko kipigo. Jaribio la kwanza: "Penalti zaing'oa Kenya isiyoshindwa." Ni fupi na lina mdundo, ila neno la mwisho lina mlango wa nyuma, kwani linaweza kusomwa kuwa Kenya haishindiki, na timu iliyofunga bao moja moja kila mechi haikuwa hivyo. Jaribio la pili: "Kenya yang'oka bila kupoteza mechi." Hili linamwacha msomaji hewani, imeng'olewa vipi sasa? Huenda akadhani ni adhabu ya rufaa. La tatu ndilo ningelipeleka mtamboni: "Kenya yang'oka kwa penalti bila kupoteza mechi." Maneno saba. Lina namna walivyotoka na lina uchungu, na hata Mmalagasi akilisoma hawezi kusema umemwibia ushindi wake.

Anayetaka kuuweka upande wa Madagaska, na ana haki hiyo, aandike "Madagaska yaing'oa Kenya kwa penalti." Kitenzi "kung'oa" kinazungumzia mashindano, si mechi, kwa hiyo kimesimama mahali pake.

Hoja ya nne hutoka kwa wanaopanga kurasa: "Nafasi ni ndogo. Hayo maneno 'kwa penalti' na 'kwa jumla' ndiyo ya kwanza kukatwa."

Nafasi ni ndogo kweli, sibishi. Lakini kukata kuna mpangilio. Unakata kwanza kile ambacho msomaji anacho tayari: siku ya mechi ikiwa ni ya jana, jina la uwanja ikiwa hakuna kisa nalo, neno "timu ya taifa" ikiwa umeshataja Kenya. Maneno ambayo yakiondoka matokeo yanabadilika ni ya mwisho kuguswa, na ni machache sana: kwa penalti, kwa jumla, ya kirafiki, ya vijana, watu 10. Simba ya Dar es Salaam ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika Mei 2025. Ilifungwa 2-0 na Berkane huko Moroko, kisha ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Kombe likaenda kwa jumla ya 3-1. Ukiandika "Berkane yaichapa Simba 3-1 Zanzibar" kwa sababu "kwa jumla" haikuenea, umebuni mechi. Kama nafasi imebana, ondoa tarakimu zote kuliko kuacha tarakimu za uongo: "Sare ya Zanzibar yaikosesha Simba kombe." Hapo hakuna hata nambari moja, na kila kitu kiko sawa.

Hoja ya tano ni ya wapenzi wa riadha, na huja na uzalendo mkali: "Kipchoge alivunja rekodi ya dunia Viena. Kusema vinginevyo ni kumpunguzia heshima."

Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini hayakuwa mashindano ya wazi. Wakimbiaji wa kumwekea kasi walipokezana kwa zamu njia nzima, gari lililotangulia lilichora kwa mwanga barabarani mahali pa kukanyaga, na vinywaji aliletewa mkononi. Yote yalijulikana mapema, na yeye mwenyewe hakuificha. Kwa masharti hayo muda ule haukuweza kuidhinishwa kuwa rekodi. Rekodi yake ya wakati huo ilikuwa ya Berlin 2018, saa 2, dakika 1 na sekunde 39.

Aliyeandika "avunja rekodi ya dunia" siku ile alijichimbia shimo lililomsubiri miaka mitatu. Septemba 2022, tena Berlin, Kipchoge alikimbia saa 2, dakika 1 na sekunde 9, na hiyo ilikuwa rekodi halali ya dunia. Sasa msomaji wake anakaa na kalamu. Muda wa Berlin ni mrefu kuliko wa Viena kwa dakika 1 na sekunde 29. Mtu anavunjaje rekodi yake kwa kukimbia polepole zaidi? Mhariri hana jibu ila kukiri kimyakimya kwamba kichwa cha 2019 kilikuwa cha uongo. Na wala hakukihitaji. "Kipchoge wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2" ni kichwa kikubwa kuliko rekodi yoyote, kwa sababu rekodi huvunjwa na mtu wa kwanza hubaki wa kwanza.

Faith Kipyegon naye aliponzwa na kosa hili kutoka pande mbili. Juni 2025, mjini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, naye pia akisaidiwa na wa kumwekea kasi kwa namna isiyokubalika kwa rekodi. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, kasi kuliko rekodi yake ya dakika 4 na sekunde 7.64 ya Monako 2023. Wengine wakaandika ameshindwa, wengine ameivunja rekodi. Yote mawili yaliukaribia ukweli na hakuna lililoufikia. Kichwa cha haki kingekuwa: "Kipyegon aishinda kasi ya rekodi yake, ukuta wa dakika 4 wabaki."

Hoja ya sita ni fupi na jibu lake fupi. "Weka alama ya kuuliza, utakuwa salama." Kichwa kisemacho "Kocha afukuzwa?" kimeshamfukuza kocha machoni pa watu, na kimekiri kwamba aliyeandika hakupiga simu kuuliza. Ukijua, sema. Ukiwa na chanzo, mtaje. Ukiwa huna, andika matokeo ya mechi.

Hoja ya saba: "Habari yenyewe chini itasahihisha." Zamani, gazeti likiwa mkononi, labda. Siku hizi kichwa husafiri peke yake kutoka simu hadi simu, na habari ikabaki nyuma. Hata maadili ya uanahabari wa Kenya yanadai kichwa kiakisi maandishi yaliyo chini yake na kihalalishwe nayo, na anayesoma kichwa peke yake hana chini ya kwenda.

Imebaki hoja moja, na hii ni ya hapa kwetu: "Hizo sheria ni za Kasarani na Cairo. Hizi ni gemu za mtaani, watu wanafurahishana tu."

Kwenye timu ya taifa mchezaji ni picha ya mbali. Mtaani kipa ni mtoto wa jirani, kesho utamkuta dukani akinunua unga, na kichwa ulichoandika kiko kwenye simu ya mamake. Hapo ndipo penye neno moja ambalo ningeliondoa kabisa kwenye mikono ya waandishi wetu: kuuza mechi. Jukwaani shabiki aliyekasirika hupiga kelele kwamba kipa ameuza, na kila mtu anajua ni hasira. Kikiandikwa "Kipa auza mechi ya fainali," hasira imekuwa tuhuma. Kupanga matokeo ni kosa ambalo wachezaji wamefungiwa miaka mingi kwalo, na katika enzi hii ya mikeka ya kubeti, msomaji hatachukulia kuwa ni utani. Hata kocha wa timu ya juu aliyekuwa akimfuatilia kijana huyo ataanza kusita.

Turudi uwanjani tuone kilichotokea. Tuseme matokeo ni 1-1, dakika zimebaki mbili, krosi ikaingia, kipa akaruka, mpira ukamgonga viganja na kuvuka mstari. Kila mtu aliyekuwa pale aliona hivyo, na kipa mwenyewe hatabisha. Basi andika hivyo: "Mpira wamponyoka kipa, kombe lahama dakika ya 88."